Namna ya kuandika ripoti ya ajali ya saiti kwa mteja baada ya mfanyakazi kuumia

Maafisa usalama wapya na mainjinia wa saiti wanaoachiwa kazi hii kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale: ripoti ipelekwe lini, iandikwe kwa nani, jina la aliyeumia liwekwe au lisiwekwe, na je, kueleza kosa letu si kujifunga kamba shingoni? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata ajali moja ya kufikirika, lakini ya aina inayotokea mara nyingi katika majengo ya ghorofa hapa Tanzania: saidia fundi ameanguka kutoka kwenye jukwaa la mabomba, urefu wa mita 2.9, na kuumia mkono. Hauhusu ajali ya kifo, ambayo huwaleta polisi na wakaguzi wa serikali siku hiyohiyo na kuwa na utaratibu wake.

Jambo moja litangulie. Ripoti ya mteja haichukui nafasi ya taarifa za kisheria. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wana fomu zao na muda wao. Kwa WCF, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7 baada ya kujua kuwa mfanyakazi wake ameumia. Nimeona makandarasi waliompelekea mteja kitabu kizima chenye picha za rangi huku fomu ya fidia ikiwa bado tupu mezani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu hivi kwanza, kwa sababu ukianza kuandika bila hivyo utajikuta unaziba mapengo kwa kukisia:

- Mkataba wa mradi, hasa kifungu cha usalama na kifungu cha mawasiliano. Katika mikataba ya FIDIC ya mwaka 1999, kitabu chekundu, kifungu cha 6.7 kinamtaka mkandarasi ampelekee Mhandisi maelezo ya ajali yoyote mapema iwezekanavyo. Mikataba mingine hutaja saa kamili.
- Daftari la saiti la siku hiyo, orodha ya mahudhurio, na daftari la kikao cha asubuhi cha usalama.
- Fomu ya ukaguzi wa jukwaa, au wa kifaa chochote kilichohusika.
- Futi ya chuma, simu yenye kamera, karatasi na kalamu.
- Namba ya kumbukumbu ya ripoti, ili matoleo yake yasichanganyike baadaye.

Hatua ya 1: Funga eneo kabla halijasafishwa

Majeruhi akishapata huduma ya kwanza na kuondoka kuelekea hospitali, zungushia utepe mahali alipoanguka na umweke mtu wa kupalinda. Mafundi wetu wana moyo mwema unaoharibu ushahidi: ubao ulioanguka hurudishwa juu, ndoo iliyomwagika huokotwa, na damu hufunikwa mchanga, yote ndani ya dakika chache. Ikiwa jeraha ni kubwa, usiruhusu kitu chochote kihamishwe mpaka mkaguzi aseme, isipokuwa kile kinachohatarisha wengine.

Piga picha ukianzia mbali ukielekea karibu: kwanza jukwaa zima likiwa na ukuta nyuma yake, kisha sehemu iliyohusika, kisha kitu chenyewe. Katika kila picha ya karibu weka futi iliyofunguliwa, ili vipimo visomeke ndani ya picha. Usimpige majeruhi usoni. Hifadhi picha za asili kwenye simu iliyozipiga, kwa sababu picha inayotumwa kwa kawaida kupitia WhatsApp hupoteza taarifa za saa na mahali zilizomo ndani yake. Ukilazimika kuituma huko, itume kama faili na si kama picha.

Katika mfano wetu vipimo ndivyo vilivyosema yote. Ubao una urefu wa mita 2.7 na ulipaswa kulala juu ya mabomba matatu ya mlalo yaliyoachana mita 1.2, ukichomoza sentimita 15 kila upande. Bomba la mwisho lilikutwa limesogezwa sentimita 50 kuelekea ndani, hivyo ubao ulichomoza sentimita 65 bila kitu chini yake. Ubao wa namna hiyo hutulia vizuri ukiwa mtupu, wala ukiutazama kutoka chini huoni kasoro, lakini mtu akikanyaga ncha yake huinuka upande wa pili na kumwaga aliye juu. Futi ilihitaji dakika mbili kuonyesha hilo. Kama ubao ungekuwa umekwisha kuondolewa, ripoti ingeishia kwenye maneno "aliteleza".

Hatua ya 2: Peleka taarifa ya awali ndani ya saa 24

Usisubiri kujua kila kitu. Taarifa ya awali ni ukurasa mmoja, na ikiwa mkataba umetaja muda mfupi zaidi, fuata huo. Iandikwe kwa Mhandisi au msanifu anayemwakilisha mteja, nakala kwa mteja, isipokuwa mkataba unasema vingine. Iseme tu yale yaliyothibitika, kwa mfano:

> Tunakutaarifu kwamba leo saa 4:20 asubuhi (10:20) mfanyakazi mmoja, saidia fundi, ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi upande wa mashariki, ghorofa ya kwanza, kutoka urefu wa mita 2.9. Alikuwa na fahamu. Amelalamika maumivu ya mkono wa kulia na amefikishwa hospitali kwa gari la mradi. Kazi zote juu ya majukwaa ya upande huo zimesimamishwa na eneo limezungushiwa utepe. Chanzo bado kinachunguzwa. Ripoti kamili itawasilishwa ndani ya siku 7.

Angalia mambo mawili katika mfano huo. Saa imeandikwa kwa hesabu yetu na kwa hesabu ya saa 24, kwa kuwa mteja au mwakilishi wa benki asiyezoea "saa nne asubuhi" anaweza kuisoma kuwa ni alfajiri, na ripoti ikadaiwa kueleza kwa nini watu walikuwa kazini gizani. Pili, haikusema mkono umevunjika. Wewe si daktari, na saa hiyo hakuna aliyeuona kwenye eksirei.

Hatua ya 3: Chukua maelezo ya mashahidi, mmojammoja

Usiwakusanye chini ya mti na kuwauliza "ilikuwaje?" Atakayesema kwanza atawapa wengine habari ya kusema. Zungumza na kila mmoja peke yake, siku hiyohiyo, uandike maneno yake kama alivyoyasema, umsomee, kisha aweke saini au dole gumba. Muulize alikuwa amesimama wapi na kutoka hapo alikuwa anaona nini. Fundi aliyesikia kishindo akageuka hajaona mtu akianguka, hata akisema ameona.

Waeleze mwanzoni kwamba hutafuti mtu wa kufukuzwa, na liwe kweli. Kibarua anayelipwa kwa siku hatakuambia aliyelisogeza bomba ikiwa anajua kesho hatapangiwa kazi. Majeruhi naye asisahaulike: akipata nafuu na akiwa tayari, chukua maelezo yake, kwa sababu ripoti nyingi huandikwa bila sauti ya mtu aliyeanguka.

Hatua ya 4: Panga mfuatano wa saa, na useme kila jambo limetoka wapi

Huu ndio uti wa mgongo wa ripoti. Kila mstari uwe na saa, tukio, na chanzo cha habari. Kwa ajali yetu:

- Saa 1:10 asubuhi (07:10): foromani amekagua jukwaa na kusaini kuwa liko salama. *Chanzo: fomu ya ukaguzi.*
- Kati ya saa 2:30 na saa 3:00 (08:30 hadi 09:00): mafundi nondo wa mkandarasi mdogo wamelegeza klampu na kusogeza bomba la mwisho ili kupitisha nondo za nguzo. *Chanzo: maelezo ya mashahidi wawili.*
- Saa 4:20 (10:20): saidia fundi amepanda na ndoo ya udongo wa kujengea, amekanyaga ncha ya ubao, ubao umeinuka, ameanguka. *Chanzo: maelezo ya muashi aliyekuwa mita 2 kutoka hapo.*
- Saa 4:25 (10:25): mhudumu wa huduma ya kwanza ameufunga mkono usitikisike. *Chanzo: daftari la huduma ya kwanza.*
- Saa 4:40 (10:40): gari limeondoka kwenda hospitali. *Chanzo: daftari la getini.*

Mambo mawili yasiyolingana yaandikwe yote mawili. Kama shahidi mmoja anasema bomba lilisogezwa asubuhi na mwingine anasema tangu jana jioni, usichague lile linalokupendeza. Sema kwamba maelezo yanatofautiana na kwamba fomu ya saa 1:10 haikuonyesha kasoro. Usiifiche hata fomu hiyo kwa sababu inaleta aibu. Ama jukwaa lilikuwa sawa asubuhi na likabadilishwa baadaye, ama fomu ilisainiwa bila mtu kupanda juu. Mteja ana haki ya kujua kuwa unalichunguza swali hilo.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya lililoonekana na lililodhaniwa. "Alikuwa anaharakisha" ni dhana. "Alipanda akiwa na ndoo mkono wa kulia, akishika ngazi kwa mkono wa kushoto" ni jambo lililoonekana.

Hatua ya 5: Eleza chanzo bila kuishia kwa majeruhi

Neno "uzembe" liondoe kabisa. Halielezi chochote, na mteja mwenye uzoefu akiliona hujua kuwa uchunguzi haukufanyika. Uliza kwa nini, na jibu ukilipata uliza tena, mpaka ufike kwenye jambo ambalo uongozi wa saiti unaweza kulibadilisha.

Ubao uliinuka kwa sababu ulichomoza sentimita 65. Ulichomoza kwa sababu bomba lilisogezwa. Lilisogezwa kwa sababu mpangilio wa jukwaa uliziba njia ya nondo za nguzo na hakuna aliyewauliza mafundi nondo watapitishia wapi. Waliosogeza hawakumwambia mtu kwa sababu hakukuwa na utaratibu wa kuomba mabadiliko ya jukwaa. Kila mwenye spana alijihudumia. Na hakuna aliyegundua kwa sababu jukwaa lilikaguliwa mara moja tu kwa siku, asubuhi, kabla kazi haijaanza.

Umeona majeruhi alivyotoka kwenye picha bila kutetewa. Alipanda kwenye jukwaa lililosainiwa kuwa salama, na vizuizi vya pembeni vilikuwepo. Taja pia vilivyokuwepo na kufanya kazi, kwani ni sehemu ya ukweli: helmeti ilikuwa kichwani, na mhudumu alifika ndani ya dakika 5.

Kuhusu ile hofu ya kujifunga kamba, andika mambo yalivyokuwa lakini usiandike hukumu ya kisheria. Sentensi kama "tunakubali kuwajibika kwa gharama zote" si kazi ya afisa usalama. Ni ya menejimenti, bima na wanasheria. Kueleza kwamba bomba lilisogezwa na ukaguzi haukurudiwa ni taarifa. Bima ya mradi ijulishwe sambamba, kwa kufuata masharti ya hati yake.

Hatua ya 6: Andika hatua za kurekebisha zinazoweza kuhakikiwa

"Wafanyakazi wamekumbushwa kuwa waangalifu" ndiyo sentensi inayojaza ripoti nyingi, na haizuii ubao mwingine kuinuka. Kila hatua iwe na anayehusika, tarehe, na kitakachoonyesha kuwa imefanyika. Hatua tatu nzuri ni bora kuliko kumi na mbili za mapambo. Kwa ajali yetu ningeandika hizi:

1. Mabomba na klampu za jukwaa zitaguswa na kikosi cha jukwaa peke yake. Fundi mwingine akihitaji nafasi ataomba kwa foromani kwa maandishi. Mhusika ni meneja wa saiti. Utaratibu utaanza kabla kazi haijarejea upande wa mashariki. Uthibitisho ni daftari la maombi.
2. Kila mlango wa jukwaa utakuwa na kadi ya kijani au nyekundu. Jukwaa likibadilishwa, kadi hugeuzwa kuwa nyekundu na hakuna anayepanda mpaka likaguliwe upya. Mhusika ni afisa usalama. Uthibitisho ni picha za kadi na fomu za ukaguzi.
3. Mbao zote zitapimwa na kufungwa kwenye mabomba, na hakuna itakayochomoza zaidi ya sentimita 15. Mhusika ni foromani wa jukwaa. Uthibitisho ni orodha ya vipimo.

Usiahidi usichoweza. Mteja ataichukua orodha hii kwenye ziara ijayo na kwenda moja kwa moja kwenye kadi.

Hatua ya 7: Linda taarifa binafsi za majeruhi

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, habari za afya ya mtu zimekuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Mteja anahitaji kujua kazi ya aliyeumia, nani amemwajiri, sehemu ya mwili iliyoumia, kama amelazwa, na anatarajiwa kuwa nje ya kazi kwa muda gani. Hahitaji namba ya simu, dini, picha ya eksirei wala historia ya magonjwa yake. Katika mwili wa ripoti mwite "mfanyakazi aliyeumia". Jina libaki kwenye kumbukumbu zenu na kwenye fomu za OSHA na WCF zinazolihitaji.

Sasa daktari akishaandika, ndipo utakapoandika: "Kwa mujibu wa cheti cha hospitali, mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia umevunjika, na amepewa mapumziko ya siku 42." Ukihesabu siku za kazi zilizopotea, anza na siku inayofuata ajali, siku ya ajali yenyewe haihesabiwi.

Hatua ya 8: Kagua, saini, wasilisha

Mpe mtu asiyekuwepo saitini asome rasimu, kisha umwombe achore alivyoelewa ubao ulivyoanguka. Mchoro wake ukitofautiana na picha zako, sentensi ndizo zenye kasoro. Ripoti isainiwe na meneja wa mradi, iambatane na barua yenye namba ya kumbukumbu, na nakala yako irudi ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukituma kwa barua pepe, omba jibu la kuthibitisha, kwa maana siku mgogoro ukizuka swali la kwanza litakuwa ni lini mteja alijua.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Aliyeumia ni wa mkandarasi mdogo.* Ripoti kwa mteja bado ni ya mkandarasi mkuu, kwa sababu ndiye mwenye mkataba naye. Taarifa ya fidia hutolewa na mwajiri wa mfanyakazi huyo, lakini omba nakala yake yenye mhuri, usitosheke na "tayari tumepeleka".

*Jina la aliyeumia halimo kwenye mahudhurio.* Hutokea sana kwa vibarua waliochukuliwa getini asubuhi hiyo. Usiongeze jina kwa kalamu mpya. Andika kuwa halikuwemo, aliingiaje, na nani alimpa kazi. Daftari lililochezewa huiangusha ripoti nzima, hata kurasa zake za kweli.

*Mteja anadai jina la aliyesogeza bomba ili afukuzwe.* Jibu kwa heshima kwamba masuala ya nidhamu yanashughulikiwa na mwajiri kwa taratibu zake, kisha umrejeshe kwenye hatua ya 6. Akisisitiza, mwachie meneja wa mradi mazungumzo hayo.

*Umepata ukweli mpya baada ya kuwasilisha.* Usibadilishe faili kimyakimya. Toa toleo la pili lenye namba ileile na tarehe mpya, uonyeshe kwenye ukurasa wa kwanza ni aya ipi imebadilika na kwa nini. Toleo la kwanza libaki kwenye jalada.

*Mkuu wako anataka ajali iitwe "tukio dogo" ili takwimu za mwezi zisiharibike.* Weka mbele yake cheti cha daktari chenye siku 42 na umweleze kwamba karatasi hiyohiyo inakwenda WCF. Hesabu za ripoti ya mwezi, fomu ya fidia na ripoti ya mteja zitalinganishwa siku moja, na tofauti kati yake ni ngumu kuieleza kuliko ajali yenyewe.

*Siku 7 zimefika na uchunguzi haujakamilika.* Wasilisha ulichonacho kikiwa na kichwa "ripoti ya muda", utaje kinachosubiriwa, kwa mfano maelezo ya majeruhi aliye bado wodini, na tarehe utakayokileta.